Kodi Inayosubiri Zamu Yake

Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 30, 2020, Kampuni ya Kuzalisha Umeme ya Kenya, KenGen, ilipata faida kabla ya kodi ya takriban shilingi bilioni 13.8 za Kenya. Faida baada ya kodi ilikuwa takriban bilioni 18.4. Msomaji akidhani kuna namba zilizopinduliwa hapo, hatakosea kushangaa, kwani kila mtu anajua kwamba kodi hupunguza faida. Mwaka huo kodi iliiongeza faida kwa zaidi ya bilioni nne na nusu.

Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Faida kabla ya kodi ilipanda kidogo na kufika karibu bilioni 14.7, lakini faida baada ya kodi ikaporomoka hadi takriban bilioni 1.2. Mwenye hisa aliyesoma mstari wa mwisho peke yake angeamini kwamba visima vya mvuke vya Olkaria vimekauka. Visima vilikuwa vizima, na umeme uliendelea kuuzwa. Kilichocheza ni kitu ambacho wahasibu hukiita kodi iliyoahirishwa, na chanzo chake kikubwa kwa kampuni yenye mitambo mingi ni jambo dogo sana: mtambo mmoja huchakaa kwa kasi mbili, moja ya vitabu vya kampuni na nyingine ya sheria ya kodi.

Kampuni inaponunua mashine, haiandiki gharama yote siku hiyo hiyo kama inavyoandika bili ya maji. Mashine itafanya kazi miaka mingi, hivyo gharama yake husambazwa katika miaka hiyo, kila mwaka ukibeba fungu lake. Fungu hilo ndilo uchakavu. Kwenye vitabu, wanaoamua kasi ya uchakavu ni wakuu wa kampuni, kwa kuangalia mashine yenyewe itadumu muda gani. Wakiona ni miaka mitano, wanagawa kwa tano.

Ofisi ya kodi haiyakubali makadirio hayo. Kama kila kampuni ingejipangia, yenye haraka ingesema lori lake litakufa baada ya mwaka mmoja. Kwa hiyo sheria inaweka viwango vyake. Tanzania, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inayapanga mali kwa madaraja katika Jedwali la Tatu. Kompyuta na magari madogo ya mizigo yasiyofika tani saba hukatwa asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Mabasi makubwa na malori mazito hukatwa asilimia 25, samani za ofisi asilimia 12.5. Mitambo na mashine zinazotumika katika kilimo zimependelewa kuliko zote: zinakatwa asilimia 100, yaani gharama nzima, kwa mkupuo.

Upendeleo huo umekusudiwa. Serikali inataka mtu anunue mashine leo, na njia mojawapo ya kumvuta ni kumruhusu aondoe gharama yake mapema kwenye hesabu ya kodi ili mwaka wa ununuzi abaki na fedha mkononi. Hajasamehewa kodi. Kilichosogezwa ni tarehe ya kuilipa.

Mfano wa shamba utaonyesha vizuri. Tuseme kuna kampuni ya kilimo cha mpunga huko Mbarali, mkoani Mbeya, inayonunua pampu za umwagiliaji pamoja na jenereta lake kwa shilingi milioni 100 za Tanzania mwanzoni mwa mwaka. Fundi na mhasibu wanakubaliana kwamba mitambo hiyo itadumu miaka mitano. Kila mwaka shamba linaingiza milioni 150 baada ya kutoa gharama zote isipokuwa uchakavu. Kodi ya kampuni ni asilimia 30. Mambo mengine yote tuyaache yatulie, ili macho yabaki kwenye pampu.

Kwenye vitabu, uchakavu ni milioni 20 kila mwaka, hivyo faida kabla ya kodi ni milioni 130. Kwenye ritani ya kodi, mwaka wa kwanza unakatwa milioni 100 zote, na faida inayotozwa kodi inabaki milioni 50. Kodi inayolipwa kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ni milioni 15. Kuanzia mwaka wa pili hadi wa tano hakuna kilichobaki cha kukata. Faida inayotozwa ni milioni 150 nzima, na kodi inaruka hadi milioni 45 kila mwaka.

Sasa mhasibu wa shamba ana tatizo. Akiandika kama gharama ile kodi aliyoilipa tu, faida baada ya kodi ya mwaka wa kwanza itakuwa milioni 115, na ya mwaka wa pili itashuka hadi milioni 85. Shamba ni lile lile, mpunga ule ule, bei ile ile, pampu zile zile. Hakuna lolote lililoharibika, ila vitabu vinalia.

Ubaya wa hesabu ya namna hiyo huonekana pale wenye kampuni wanapokaa kugawana gawio. Mkurugenzi akiona milioni 115 atataka zigawanywe, na pengine amekwisha kuahidi ndugu zake. Hapo ndipo mhasibu anapotakiwa kusimama imara. Mazungumzo yao si magumu kuyakisia.

"Mwanangu, TRA wenyewe wametuandikia kwamba tunadaiwa milioni 15. Tumezilipa. Hizi 24 zaidi unazoziandika kwenye vitabu, nani anatudai?"

"Mzee, leo hakuna anayetudai. Lakini pampu zetu kwenye vitabu bado zina thamani ya milioni 80, na kwa TRA zimekwisha, ni sifuri. Hizo milioni 80 tutazivuna kwa kuuza mpunga, na tukishazivuna hatutakuwa na uchakavu wa kuzikinga. Asilimia 30 yake ni milioni 24. Kodi hiyo iko njiani."

Jibu la mhasibu huyo limebeba kanuni nzima. Kodi iliyoahirishwa haitafutwi kwa kubahatisha siku za mbele zitakuwaje. Inatafutwa kwa kuweka thamani mbili za mali moja ubavu kwa ubavu, iliyobaki kwenye vitabu na iliyobaki kwa hesabu ya kodi, kisha tofauti yake inazidishwa kwa kiwango cha kodi. Thamani ya vitabu ikiwa kubwa, kampuni imekwisha kufaidi punguzo la kodi kabla ya wakati, na tofauti hiyo ni deni. Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 12, kijulikanacho kama IAS 12, kinadai deni hilo liandikwe kwenye mizania.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza mhasibu anaandika gharama ya kodi ya milioni 39: milioni 15 zilizolipwa na milioni 24 zilizoahirishwa. Faida baada ya kodi inakuwa milioni 91. Mwaka wa pili TRA inalipwa milioni 45, lakini thamani ya pampu kwenye vitabu imeshuka hadi milioni 60, na deni lililoahirishwa limeshuka kutoka milioni 24 hadi 18. Zile milioni sita zilizoshuka zinapunguza gharama ya mwaka huo, nayo inarudi kuwa milioni 39. Faida ni milioni 91 tena. Deni linaendelea kushuka hadi milioni 12, kisha sita, na mwisho wa mwaka wa tano ni sifuri.

Ukijumlisha miaka mitano, TRA imepata milioni 195: kumi na tano za mwanzo na arobaini na tano mara nne. Vitabu navyo vimeandika thelathini na tisa mara tano, ambazo ni milioni 195. Jumla ni moja, haikupungua hata shilingi, na hii ndiyo hoja ambayo watu wengi huikosa wanapolisikia neno kuahirishwa wakadhani kuna mtu anakwepa.

Faida ya shamba basi iko wapi? Iko kwenye muda. Mwaka wa pili wote shamba limeshika milioni 24 ambazo vinginevyo zingekuwa zimekwisha kwenda serikalini, mwaka wa tatu limeshika 18, wa nne 12, wa tano sita. Kama benki ingetoza riba ya asilimia 15 kwa mwaka kwa fedha hizo, shamba lingelipa riba ya jumla ya milioni tisa. Huo ndio ukubwa wa zawadi ya serikali katika mfano huu: mkopo wa milioni 24 usio na riba, unaorudishwa kidogo kidogo. Ni zawadi ya kweli, lakini anayeitumia kama fedha za bure atakwama mwaka wa pili, kodi inapofika mara tatu ya mwaka uliotangulia naye hana akiba.

Mali nyingi hazina urahisi wa pampu za shamba. Chukua lori dogo la mizigo la shilingi milioni 40, ambalo vitabu vinalichakaza kwa miaka mitano, milioni nane kila mwaka. Kwa kodi linakatwa asilimia 37.5 ya kinachobaki. Mwaka wa kwanza kodi inakata milioni 15, karibu mara mbili ya vitabu. Mwaka wa pili inakata takriban milioni 9.4, bado iko mbele. Mwaka wa tatu inakata milioni 5.9 tu, na sasa vitabu ndivyo vinavyokimbia zaidi. Deni lililoahirishwa, lililokuwa milioni 2.1 mwisho wa mwaka wa kwanza na kupanda hadi milioni 2.5, linaanza kuteremka.

Mwisho wa mwaka wa tano vitabu vinasema lori limekwisha, wakati kwa hesabu ya kodi bado limebakiwa na takriban milioni 3.8. Mkia wa namna hii haukatiki upesi, kwa sababu kila mwaka kinakatwa kipande cha kilichobaki, na daima kuna kinachobaki. Hapo deni linageuka: sasa kampuni ndiyo yenye punguzo ambalo haijalitumia, lenye thamani ya milioni 1.1 hivi ya kodi. Mhasibu aliyezoea kwamba magari siku zote huleta deni, bila kuzitazama upya zile thamani mbili, ataikosea alama na kuandika deni mahali penye mali.

Kosa hilo ni la kawaida, na lina ndugu yake. Kampuni nyingi huweka daftari la mali kwa ajili ya vitabu, kila mashine na mstari wake. Hesabu ya kodi haitaji mashine moja moja. Inakusanya mali zote za daraja moja katika kapu moja na kukata asilimia kwenye kapu zima. Baada ya miaka sita au saba, daftari linakuwa na mashine zilizouzwa ambazo kapu halijazitoa, au kapu lina mashine mpya ambazo daftari halijaziingiza. Mhasibu anayejiongezea tu mabadiliko ya mwaka juu ya salio la mwaka jana hatayaona haya. Njia ya kuyagundua ni ile ile ya kuanzia: jumlisha thamani zote za vitabu, toa thamani zote za makapu, zidisha kwa asilimia 30. Jibu lisipolingana na salio kwenye mizania, kuna mashine imepotea mahali.

Uuzaji wenyewe ni kipimo kizuri cha kuona kama mtu ameelewa. Turudi Mbarali. Mwisho wa mwaka wa tatu pampu zina thamani ya milioni 40 kwenye vitabu, na deni lililoahirishwa ni milioni 12. Shamba linaziuza kwa milioni 40 taslimu. Vitabu havioni faida wala hasara, kwani bei ni sawa na thamani. Lakini kwa TRA mali hiyo ilikwisha siku nyingi, kwa hiyo milioni 40 zote ni mapato, na kodi yake ni milioni 12. Mkurugenzi atauliza inakuwaje atozwe kodi kwa mauzo yasiyo na faida. Jibu limekuwepo kwenye mizania yake, limeandikwa kwa tarakimu: milioni 12. Mauzo yameifanya kodi iliyosubiri ifike mapema tu, na deni linafutwa siku hiyo hiyo bila kuigusa faida.

Kuna hoja nzito inayopinga utaratibu huu, na inastahili kusikilizwa. Kampuni inayokua hununua mashine mpya kabla ya zile za zamani kumaliza deni lake. Lori la kwanza linaporudisha, la pili na la tatu yanakopa. Salio la jumla halishuki, huenda likapanda miaka ishirini mfululizo. Deni lisilolipwa kamwe ni deni gani? Uingereza iliifuata hoja hiyo kwa miaka mingi: kampuni ziliruhusiwa kuandika sehemu tu ya kodi iliyoahirishwa, ile iliyoonekana kweli italipwa. Mwishoni mwa mwaka 2000 Waingereza wenyewe waliuacha utaratibu huo kwa kiwango chao kipya, FRS 19, na kutaka deni liandikwe lote. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Madeni ya wauzaji wa jumla nayo hayaishi kwenye duka linalokua, kwani bili moja ikilipwa nyingine imekwisha kufika, lakini hakuna anayesema yasiandikwe. Zaidi ya hapo, ule utaratibu wa sehemu ulimtaka mkurugenzi atabiri atanunua mashine ngapi miaka ijayo, na utabiri wa namna hiyo unapindishwa kirahisi na mtu anayetaka faida yake ionekane kubwa.

Udhaifu mmoja umebaki bila tiba. IAS 12 hairuhusu deni hili lipunguzwe kwa kuangalia litalipwa lini. Milioni moja itakayolipwa mwakani na milioni moja itakayolipwa baada ya miaka ishirini zinaandikwa sawasawa, ingawa mfanyabiashara yeyote anajua hazilingani. Kwa kampuni ya pampu za miaka mitano tofauti ni ndogo. Kwa mitambo ya umeme inayochakazwa kwa miongo, mizania inabeba deni kubwa kuliko uzito wake halisi.

Na hapo tunarudi kwa KenGen. Kampuni ya aina yake hutumia mabilioni kuchimba visima na kufunga mitambo, na sheria ya Kenya ilikuwa ikiruhusu uwekezaji wa kuzalisha umeme wa gridi ukatwe kodini haraka sana kuliko mitambo inavyochakaa. Tofauti kati ya vitabu na kodi hulimbikana mwaka hadi mwaka, na deni lililoahirishwa huwa kubwa kupita kodi ya mwaka wowote mmoja. Deni hilo limepimwa kwa kiwango cha kodi. Kiwango kikibadilika, deni lote hupimwa upya kwa siku moja.

Aprili 2020, katika hatua za kupunguza makali ya korona, Kenya ilishusha kodi ya kampuni kutoka asilimia 30 hadi 25. Lile shamba letu la Mbarali lingekuwa Kenya, deni lake la milioni 24 lingekuwa milioni 20 ghafla, na zile nne zingeingia kwenye faida ya mwaka bila hata gunia moja la mpunga kuuzwa. Kwa KenGen, yenye tofauti ya mabilioni mengi, upunguzaji huo ndio uliogeuza kodi kuwa nyongeza katika hesabu za Juni 2020. Kabla ya mwaka kwisha, Kenya ikatunga sheria ya kurudisha asilimia 30 kuanzia Januari 1, 2021. Deni likapimwa tena, likapanda, na mzigo wote ukaangukia hesabu za Juni 2021. Ukitoa faida baada ya kodi kwenye faida kabla ya kodi utaona gharama ya takriban bilioni 13.5 kwa mwaka huo, mara tatu ya asilimia 30 ya faida yake.

Jirani yake ambaye mwaka wake huisha Desemba hakupata misukosuko hiyo kwenye hesabu zake za mwaka. Kanuni inataka deni lipimwe kwa kiwango kilichokwisha kupitishwa kufikia siku ya mizania, na kufikia Desemba 31, 2020 sheria ya kurudisha asilimia 30 ilikuwa tayari imetiwa saini. Kampuni mbili, nchi moja, sheria moja, na iliyoamua nani aonekane amepaa kisha ameanguka ni tarehe ya kufunga vitabu.

Mwenye hisa anayetaka kujua kilichotokea hana haja ya kuwa mhasibu. Nyuma ya taarifa za fedha kuna maelezo ya kodi, na ndani yake jedwali linaloanza na faida kabla ya kodi, linaizidisha kwa kiwango cha sheria, kisha linaeleza mstari kwa mstari kwa nini kodi iliyoandikwa si hiyo. Athari ya kubadilika kwa kiwango ina mstari wake hapo. Chini yake kuna jedwali jingine la kodi iliyoahirishwa, linaloonyesha sehemu inayotokana na mitambo. Ayasome hayo kabla ya kupiga simu kwa dalali wake, kisha azirudie zile namba za juu: bilioni 13.8 mwaka wa kwanza, bilioni 14.7 mwaka wa pili. Katika mwaka ambao magazeti yaliandika kuporomoka, faida kabla ya kodi ilikuwa imeongezeka.